Dirisha Moja, Shuka Jeupe na Uso wa Wifi

Wanafunzi wa wifi yangu walikuwa wakiijua mikono yake kuliko uso wake. Anafundisha ushonaji kwa video za dakika tatu tatu anazozirekodi sebuleni kwake Mbagala na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp. Siku moja mwanafunzi akamwandikia kwa adabu zote: "Mwalimu, sauti tunaisikia na cherehani tunaliona, ila wewe mwenyewe upo gizani." Akanipigia. Mimi nimepiga picha za harusi na mahafali kwa miaka mingi, akadhani nitamwambia anunue simu mpya. Nikamwambia, "Wifi, usinunue kitu. Nisubiri Jumamosi asubuhi."

Sebule yake ni kama sebule nyingi za mjini. Ina dirisha moja kubwa, upana wake karibu mita moja na nusu, linalotazama mashariki. Fremu ni ya alumini, vioo vina rangi ya bluu, nje kuna nondo, na katikati upo wavu wa mbu. Kuta zimepakwa kijani kibichi. Darini inaning'inia balbu moja ya mwanga mweupe, na pembeni imesimama ile taa ya duara ambayo vijana huiita ringi laiti. Wifi alikuwa akikaa mgongo kwa dirisha, kwa sababu pazia lake ni zuri na alitaka lionekane. Balbu ya darini ilikuwa inawaka, na taa ya duara ilimtazama usoni kutoka mbele, nyuma tu ya simu.

Nilimwomba arekodi kama kawaida yake, tukaitazama pamoja. Pazia lilikuwa linang'aa kama bati juani. Uso wake ulikuwa bapa la kahawia iliyoingia majivu, macho yamezama kwenye vishimo viwili, na kwenye paji la uso kulikuwa na alama nyeupe ya duara. Mtu anayemjua angemtambua kwa sauti.

Kosa la kwanza lilikuwa mahali alipokaa. Simu inapojipangia mwanga, hupima ung'avu wa picha nzima na kutafuta wastani. Simu nyingi za sasa hutambua uso na kujaribu kuupendelea, lakini dirisha likichukua nusu ya picha, simu huona kuna mwanga wa kupindukia, ikapunguza kila kitu, na uso ukashuka pamoja na vingine. Kwa ngozi nyeusi mshuko huo huwa mkubwa zaidi, maana uso hauna weupe wa kuishtua simu. Ushungi mweupe nao hufanya vivyo hivyo. Wifi alikuwa amejifunga mweupe peʼ, na tulipoubadilisha kwa mtandio wa rangi ya zambarau, uso ulipanda kidogo kabla hatujagusa taa yoyote.

Ubaguzi huu wa mashine una historia. Kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1950, maabara za kusafishia picha zilipima usahihi wa rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, ambazo kwa muda mrefu zilikuwa na picha ya mwanamke Mzungu tu. Ngozi yake ikitoka vizuri, kazi ilihesabiwa imekamilika. Watengenezaji wa simu wameanza kulirekebisha jambo hilo. Google, kwa mfano, ilitoa Pixel 6 mwaka 2021 ikiwa na mpango wa rangi za ngozi walioupa jina la Real Tone. Lakini simu iliyoko mkononi mwa wifi ni ya kawaida, na dawa yake ipo kwenye kiti.

Tulikigeuza kiti. Badala ya mgongo, tukamweka ubavu na uso kidogo kuelekea dirishani, yaani kama yeye angekuwa katikati ya saa ya ukutani na simu iko saa kumi na mbili, dirisha lilikuwa baina ya saa mbili na saa tatu. Alikaa umbali wa hatua moja kubwa kutoka dirishani, kama mita moja. Tulizima balbu ya darini na taa ya duara. Shavu lililoelekea dirishani likapata mng'ao mpana, pua ikapata mteremko wake, na ndani ya kila jicho kikatokea kinukta cha mwanga chenye umbo la dirisha. Kinukta hicho kisidharauliwe. Kwenye skrini ya upana wa vidole vinne, jicho zima ni doa dogo sana, na bila kile kimulimuli mtazamaji huona shimo. Kikiwepo, anahisi anatazamwa.

Hapa ndipo kwenye kiini cha kazi yote. Watu hudhani ngozi nyeusi inahitaji mwanga mwingi. Inachohitaji ni mwanga mpana. Ngozi hurudisha mwanga kwa njia mbili. Sehemu ya mwanga huingia ndani, ikapakwa rangi ya ngozi, ndipo ikatoka. Hii ndiyo inayotofautiana sana baina ya mtu mweupe na mweusi. Sehemu nyingine hugonga juu tu na kuruka kama kwenye kioo au meza iliyopigwa msasa na vanishi. Hiyo hailingani na weusi wala weupe, kila mtu anayo karibu sawa. Kwa hiyo kwenye uso mweusi, umbo la shavu na taya tunalisoma zaidi kwa ule mng'ao wa juu. Na kioo huonyesha kile kilicho mbele yake. Ukiweka mbele ya uso taa ndogo, uso utaonyesha taa ndogo, ndiyo ile alama ya duara kwenye paji la uso wa wifi. Ukiweka dirisha la mita moja na nusu, mng'ao hutandazika kuanzia shavuni hadi kidevuni, na uso unajaa.

Ava Berkofsky, mpiga picha wa tamthilia ya Marekani iitwayo Insecure, amewahi kueleza kwamba alitaka ngozi za waigizaji wake ziwe na unyevunyevu wa kurudisha mwanga, kisha akazimulika kwa nyuso pana nyeupe badala ya kuzipiga taa kali. Ndiyo sababu nilimzuia wifi alipotaka kujipaka poda nzito. Poda hukausha ule mng'ao, na uso mweusi usio na mng'ao hugeuka bapa. Futa jasho kwa kitambaa, acha mafuta kidogo.

Umbali nao una nguvu kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu mbili kwa wakati mmoja. Kadiri unavyolikaribia dirisha, ndivyo linavyokuwa pana machoni pa uso wako, na mwanga unalainika. Ukirudi nyuma hadi ukuta wa mwisho, dirisha lile lile linakuwa kijisanduku, na vivuli vinakuwa vikali. Pia mwanga unapungua. Kwa balbu ndogo hesabu yake ni rahisi: ukisogea kutoka mita moja hadi mbili, mwanga unaokufikia unabaki robo. Kwa dirisha kubwa ukiwa karibu nalo hupungua pole pole zaidi, lakini hupungua. Jambo hili lilitusaidia, kwani ukuta wa kijani uliokuwa mita mbili na nusu nyuma ya wifi ulififia wenyewe, na uso wake ukawa ndicho kitu chenye mwanga kuliko vyote kwenye picha. Huhitaji kuficha vitu vyako vya sebuleni. Viache mbali na dirisha.

Ila saa tuliyoanza ilikuwa saa mbili na nusu, na jua lilikuwa linapenya moja kwa moja. Mistari ya nondo ikamwangukia usoni kama amefungiwa mahabusu. Kwa dirisha la mashariki, asubuhi ni saa ya kutundika shuka. Tulichukua shuka jeupe la pamba, jepesi, tukalibana kwa vibanio vya nguo juu ya fremu. Jua likaligonga shuka, na shuka lote likawa taa moja laini. Kuanzia saa nne na nusu hivi, jua lilipopanda juu ya kibaraza, tulilitoa, na mwanga wa mbingu peke yake ukatosha hadi saa saba. Mwenye dirisha la magharibi afanye kinyume chake, asubuhi bila shuka na alasiri akiwa nalo. Mwenye dirisha la kusini au la kaskazini ndiye mwenye bahati, ingawa akumbuke kwamba kwetu jua huhama: katikati ya mwaka, kama Juni, hupita upande wa kaskazini, na Desemba huenda kusini, hivyo lile dirisha lililokuwa tulivu miezi sita iliyopita linaweza kuingiza jua leo.

Bado kulikuwa na rangi. Uso wa wifi ulikuwa na ubaridi wa bluu upande mmoja na ukijani upande wa pili. Bluu ilitoka kwenye vioo. Madirisha haya ya alumini yenye vioo vya bluu, kijani au kahawia yamejaa mjini, na macho yetu huyazoea baada ya dakika chache, lakini kamera haizoei. Tulisukuma kioo pembeni, ukabaki wavu wa mbu tu, ambao hupunguza mwanga kidogo na wala hauharibu rangi. Ukijani ulitoka ukutani: mwanga uligonga ukuta uliokuwa karibu na shavu lake la kivulini ukamrudia ukiwa umebeba rangi ya ukuta. Tuliweka shuka la pili jeupe juu ya egemeo la kiti, nusu mita kutoka shavu hilo, na mambo mawili yakatengemaa kwa pamoja. Kijani kilizibwa, na kivuli kikapata mwanga safi wa kurudishwa.

Watu huniuliza kivuli kiwe kizito kiasi gani. Kwenye televisheni kubwa, chumbani usiku, upande mmoja wa uso unaweza kuwa mzito sana na ukapendeza. Lakini video ya wifi hutazamwa na mtu aliyesimama kituoni saa sita mchana, jua limempiga kwenye kioo cha simu. Chochote cheusi kwenye picha hufutika. Zaidi ya hapo, WhatsApp huibana video ili ipite haraka, na inapobana, sehemu zenye giza ndizo zinazoumia kwanza: chembechembe zinazocheza gizani hugeuka vigaegae vya mraba vinavyohama hama shavuni. Kwa skrini ndogo, mimi huacha upande wa kivuli uwe na kama nusu ya mwanga wa upande wa pili. Umbo linabaki, na hakuna kinachopotea. Shuka likisogezwa karibu kivuli hupungua, likirudishwa nyuma kinaongezeka. Ndiyo swichi yenyewe. Usitumie karatasi ya foili wala bati badala ya shuka, kwani hurusha mwanga wa mabaka mabaka. Gunia jeupe la salfeti lililosafishwa linafaa kabisa.

Baada ya hapo ndipo tuliposhika simu. Bonyeza uso kwenye skrini na ushikilie kidole bila kuachia. Kwenye simu za iPhone yatatokea maneno AE/AF Lock. Kwenye simu nyingi za Android hutokea alama ya kufuli. Hapo simu imeambiwa ipime mwanga wa uso huo na isibadilike tena hata wifi akiinua kitambaa cheupe. Karibu na hapo kuna alama ya jua; iteremshe au ipandishe kidogo hadi shavu lenye mwanga liwe wazi bila kuwa jeupe. Jinsi ya kujua umepitiliza ni kutazama ncha ya pua na mfupa wa shavu: sehemu iliyogeuka weupe mtupu, isiyo na rangi yoyote ya ngozi, haiwezi kurudishwa baadaye. Pungufu kidogo hurekebishika, ziada hairekebishiki.

Usiku ulikuwa na mambo yake. Wifi hushona mchana na mara nyingi hupata nafasi ya kurekodi baada ya watoto kulala. Hapo dirisha halipo, basi tulilitengeneza. Tulifunga kamba ya kuanikia nguo kona hadi kona, tukatundika lile shuka pale pale dirisha lilipokuwa linammulika mchana. Balbu ya LED ya wati 12 tuliifunga kwenye taa ya mezani yenye shingo ya kukunjika, tukaiweka nyuma ya shuka umbali wa karibu mita moja, ili duara la mwanga litanuke na kulijaza shuka lote kabla ya kumfikia. Ukiiweka balbu karibu na shuka, utapata doa moja kali katikati na utakuwa umerudi kwenye tatizo la taa ndogo. Mwanga ulikuwa hafifu kwa macho yetu, basi tukaongeza balbu ya pili kando ya ya kwanza. Mwenye ukuta mweupe hahitaji hata shuka. Aigeuzie taa ukutani, na ukuta utammulika. Wifi hakuwa nao.

Shuka lisiguse balbu hata kidogo. Balbu za zamani za uzi zilikuwa zinawaka moto wa kuunguza kitambaa ndani ya dakika chache, na hata LED hupata joto shingoni, tena kitambaa kikiifunika hufa mapema.

Balbu ya darini iwe imezimwa. Mwanga wa juu kabisa huweka kivuli ndani ya macho, chini ya pua na chini ya kidevu, na unamzeesha mtu miaka kumi. Hiyo ndiyo iliyokuwa inamzamisha macho wifi. Taa ya duara hatukuitupa. Tuliigeuza imulike shuka pamoja na wenzake, kwa sababu ikimtazama mtu moja kwa moja kutoka mbele hufuta vivuli vyote na kuacha uso kama sahani. Kwa mwenye miwani ni mbaya zaidi, maduara mawili hutokea juu ya macho. Kwake, pandisha taa na shuka juu ya usawa wa macho na usogeze pembeni zaidi, mpaka mng'ao utoke kwenye vioo.

Unaponunua balbu, soma boksi. Kuna namba yenye herufi K. Namba kama 2700K au 3000K ni mwanga wa manjano kama wa jioni, na 6500K ni mweupe wenye ubluu, ndiyo inayojaa madukani kwetu. Zote mbili zinaweza kufaa. Kisichofaa ni kuzichanganya. Simu inaweza kusahihisha rangi moja, haiwezi kusahihisha mbili kwa pamoja, na uso utakuwa chungwa huku na bluu kule. Mchana, ukilazimika kusaidia dirisha kwa taa, tumia nyeupe. Usiku, ziwe za aina moja zote.

Namba ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza na watu huipita. Huandikwa CRI au Ra, na hueleza jinsi mwanga wa balbu unavyozitendea haki rangi. Jua ni 100. Balbu za bei ya chini nyingi ni 80, na upungufu wake mkubwa huwa kwenye nyekundu. Ngozi ya kahawia imejengwa juu ya wekundu. Ukiuondoa, kinachobaki ni majivu, na hakuna kichujio cha simu kitakachoirudisha rangi ambayo taa haikuitoa. Ukikuta balbu iliyoandikwa 90 au zaidi, hiyo ndiyo ya kutumia fedha yako. Ukiikosa, weka mkono wako chini ya balbu dukani, muuzaji akiijaribu, kisha utoke nje uutazame mkono ule ule kwenye kivuli cha mchana. Kiganja kitakuambia.

Tulipowasha balbu zetu mbili, video ikatoka na mikanda ya giza inayopanda juu kama mawimbi. Umeme wetu hubadili mwelekeo kwa mzunguko wa mara 50 kwa sekunde, na balbu isiyo na saketi nzuri ndani yake hupepesa mara 100. Jicho halioni, kamera inaona. Ili kuikamata balbu yenye tabia hiyo, ielekezee simu ukiwa umeweka kurekodi kwa mwendo wa pole, ikipepesa, utaona. Balbu moja kati ya zetu ndiyo ilikuwa mkosaji. Tuliibadilisha tukamaliza, lakini kama huna nyingine, na simu yako ina Pro upande wa video, ingia humo, palipo na herufi S, uchague 1/50 au 1/100, na mikanda itatulia. Taa za sola zinazotumia betri hazifuati mpigo huo wa umeme, na siku ya mgao wifi alirekodi somo zima la kukata mkono wa blauzi kwa taa moja ya sola iliyoelekezwa kwenye shuka, amesogea karibu nalo zaidi.

Kipimo chetu cha mwisho kilikuwa chepesi. Hatukuitazama video kwenye simu iliyorekodi. Tuliituma kwa WhatsApp kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka kona, nikapunguza mwanga wa skrini hadi nusu, nikatoka nje barazani, nikainyoosha mkono wote. Nilijiuliza maswali mawili tu: naona anatazama wapi, na naona mdomo wake unavyotamka? Mara ya kwanza niliona anatazama wapi lakini kidevu kilipotelea kwenye kivuli cha mtandio. Tulilaza kipande cha kitambaa cheupe juu ya meza ya cherehani, mbele yake, nje ya picha. Mwanga ukampanda kutoka chini kidogo, kidevu kikarudi.

Usiku ule alirekodi somo la kutia zipu, akalituma kundini, na kama ilivyo desturi yake akamtumia pia mama mkwe kule Muheza, mwenye simu ndogo ya skrini ya kiganja. Mama hajui kushona na zipu hazimhusu, lakini hutazama kila moja. Baada ya dakika kumi sauti yake ikaingia kwenye simu ya wifi. Hakusema lolote kuhusu somo.

"Mwanangu," alisema, "mbona macho yamekulegea hivyo? Jana ulilala saa ngapi?"

Wifi alikuwa amelala saa tisa usiku, akimalizia sare za shule. Alinitazama, akaibonyeza ile sauti isikike tena.